Mteja alichukua siku ngapi kununua?

Wadau, natunza tovuti inayouza vikapu vya majani ya mkoma vinavyosukwa Kerio. Google Analytics hunionyesha mteja alichukua siku ngapi, na alitufikia mara ngapi, kabla ya kununua. Lakini inahesabu kivinjari, si mtu.

Tuseme mteja wa Lodwar anaona tangazo Jumatatu kwa simu ya dada yake, anarudi Jumatano akiwa saiba, ananunua Ijumaa kwa simu yake. Ni siku 4, mara 3. Ripoti itaandika siku 0, mara 1, na tangazo litaonekana halijauza kitu.

Kwa hiyo nikiona siku 0 nyingi sizimi tangazo. Fomu ya oda humuuliza mteja: ulituona wapi kwanza, na lini?