Nani Aliyekula Mayai?

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kosa la tafsiri ambalo limenifundisha kuhusu sarufi ya Kiswahili mambo mengi kuliko semina zote nilizowahi kuziongoza. Niliombwa na jamaa mmoja, afisa mifugo katika Wilaya ya Mbulu, nimwandalie karatasi ya kurasa mbili kwa ajili ya wanakijiji. Chanzo chake kilikuwa makala ya kisayansi ya mwaka 2004, ya Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzake, kuhusu tegu wa nguruwe huko huko Mbulu. Watafiti hao walipita vijiji 21, wakakagua nguruwe hai 770, na katika asilimia 17.4 ya nguruwe hao wakaona vifuko vya tegu kwenye ulimi. Kazi hiyo inawahusu watu wa Mbulu, lakini imeandikwa kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo. Nikaona ni heshima kuirudisha nyumbani.

Kabla ya kusimulia kosa lenyewe, sina budi kueleza mzunguko wa mdudu huyu, kwa maana kosa langu limo ndani yake. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, na nyama hiyo haikuiva vizuri, tegu hukua ndani ya utumbo wake hata kufikia mita kadhaa. Mara nyingi mtu huyo hajisikii mgonjwa. Tegu hutaga mayai madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viluwiluwi husafiri hadi kwenye misuli na kujenga vifuko vyeupe vyenye maji, kila kimoja karibu ukubwa wa punje ya hindi. Hadi hapo mzunguko umekamilika. Lakini kuna njia ya pembeni, na ndiyo ya hatari zaidi: binadamu naye anaweza kuyameza mayai yale yale, kwa mikono isiyonawiwa, kwa chakula au kwa maji. Hapo vifuko hujengeka ndani ya mwili wake, na vikiingia kwenye ubongo huweza kuleta kifafa.

Sentensi za makala za namna hii hujengwa kwa mtindo mmoja. Kitenzi hugeuzwa kuwa jina, jina hutundikwa juu ya jina jingine, na mtenda hufutwa. Mimi nikatafsiri kwa uaminifu wa karani. Niliandika: “Kifafa kinachosababishwa na vifuko vya ubongo hupatikana kutokana na ulaji wa mayai ya tegu.” Baadaye, kwa kuwa nilikwisha kumtaja tegu mara nyingi na nafasi ilikuwa finyu, nikafupisha: “Ulaji wa mayai uepukwe, hasa kwa watoto.”

Msomaji wangu ameshacheka. Mimi sikucheka. Siku ya kuijaribu karatasi ile, katika kijiji kimoja upande wa Haydom, mama mmoja mwenye mjukuu anayeanguka kifafa alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa utulivu: “Mwalimu, tumeelewa. Kuanzia leo huyu mtoto sitampa tena mayai.” Alikuwa na kuku sita. Mtoto mgonjwa alikuwa karibu kunyang'anywa chakula bora kuliko vyote vilivyokuwamo katika nyumba ile, na aliyemnyang'anya alikuwa mimi, kwa nomino moja.

Tatizo la “ulaji wa mayai” ni kwamba jina limemeza maswali yote ambayo kitenzi kingelazimika kuyajibu. Ukisema “anakula”, Kiswahili kinakudai nafsi, wakati na mtendwa. Nani anakula? Anakula akijua au bila kujua? Na je, ni “kula” kweli? Mtu hali mayai ya tegu. Huyameza pasipo kukusudia. Nilipolazimika kuandika kitenzi, neno “kumeza” lilikuja lenyewe, na nyuma yake likaja “bila kujua”. Sentensi iliyobaki katika karatasi ni hii: “Mtu mwenye tegu akienda haja bila kunawa mikono, kisha akagusa chakula, yeyote atakayekila chakula hicho anaweza kumeza mayai ya tegu bila kujua, kwa maana hayaonekani.” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza karibu mara mbili. Nimekutana na wahariri wanaoamini kwamba ufupi ndio uwazi. Ningependa wakutane na yule mama.

Mnyororo wa majina una kasoro nyingine, ambayo ni ya Kiswahili hasa. Kiingereza huyapanga majina bila viunganishi na kuliweka jina kuu mwishoni. Sisi huanza na jina kuu, kisha huunganisha kwa -a ya umilikaji, na kwa kawaida ngeli hutusaidia: “vya” humrudisha msomaji kwenye vifuko, “cha” kwenye kijiji. Ndiyo maana mnyororo wa majina matatu hausumbui. Lakini tazama kichwa nilichokiandika awali: “Vihatarishi vya kuenea kwa ugonjwa wa vifuko vya tegu wa nguruwe wa Wilaya ya Mbulu.” Ni nani wa Wilaya ya Mbulu? Ugonjwa huchukua “wa”, nguruwe huchukua “wa”, na tegu, nikimhesabu kuwa kiumbe, naye huchukua “wa”. Ngeli zimegongana na msaada wake umekwisha. (Kamusi humpa tegu ngeli ya li-/ya-; ningeifuata, mshukiwa mmoja angepungua, wawili wangebaki.) Kibaya zaidi ni “ukaguzi wa ulimi wa nguruwe wa wanakijiji”, ambamo kila kitu ni “wa”, na mzee mmoja aliuliza kwa haki kabisa kama wanakijiji nao walitolewa ndimi.

Dawa niliyoiona ni kuutafuta mwanzo wa mnyororo na kuuliza kama kuna kitendo kilichofichwa humo. “Ukaguzi” ni kukagua. Kwa hiyo: “Watafiti walimlaza kila nguruwe, wakamfungua kinywa, wakavuta ulimi, wakaangalia na kupapasa chini yake.” Mnyororo ukikatwa kwa kitenzi, -a zinazobaki ni mbili au tatu, na msomaji anaona mikono ikifanya kazi. Isitoshe, wanunuzi wengi wa nguruwe vijijini hukagua ulimi kabla ya kulipa. Jambo nililokuwa nimelifanya geni kwa majina yangu marefu, wao walilifahamu tangu zamani.

Nikaja kwenye kauli ya kutendwa, ambako nilitumbukia katika kosa la pili kwa kutaka kulikimbia la kwanza. Niliamua kuifuta yote. Lakini -w- si mgeni katika lugha yetu. Tunasema mtu amefiwa, tumenyeshewa, mtoto ameshikwa na degedege. Anayepatwa na jambo ndiye tunayemtazama, na hakuna anayeulizia mtenda. Nilipojaribu kuzigeuza sentensi za namna hiyo, Kiswahili kiligoma. Kauli ya kutendwa inaharibu pale tu ambapo msomaji anahitaji kumjua mtenda ili ajue la kufanya. “Nguruwe huambukizwa” ni sarufi safi, lakini katika vichwa vya wengi sentensi hiyo hujijaza yenyewe: nguruwe huambukizwa na nguruwe wenzao. La. Nguruwe huambukizwa na binadamu. Nikiongeza hayo maneno mawili, huku ile “na” yetu ikiwa pia ni ya kuunganisha, msikilizaji wa haraka husikia “nguruwe na binadamu huambukizwa”. Nikaandika kwa kauli ya kutenda: “Sisi binadamu ndio tunaowaambukiza nguruwe.” Kimya kilichofuata niliposoma sentensi hiyo kilikuwa cha watu waliosikia jambo jipya.

Nakiri kwamba wakati huo niliwakumbuka viongozi wetu. Fedha zilitumika, makosa yalifanyika, vyoo havikujengwa. Mwanasayansi humfuta mtenda kwa desturi ya taaluma yake, mwanasiasa kwa sababu anazozijua yeye. Anayelisikia tangazo kijijini hana njia ya kuutambua utofauti huo.

Kuna kitenzi kimoja nilichokibakiza kama kilivyo, baada ya kubishana sana na afisa mifugo. Yeye alitaka niandike “asilimia 17.4 ya nguruwe wana vifuko”. Mimi nilishikilia “walionekana kuwa na vifuko kwenye ulimi”. Ukaguzi wa ulimi humnasa nguruwe mwenye vifuko vingi. Mwenye vichache hupita, kwa sababu vifuko vyake viko kwenye misuli mingine. Ndiyo kusema idadi halisi huenda ilikuwa kubwa zaidi. “Walionekana” inamlinda msomaji asije akamwona nguruwe mwenye ulimi safi akadhani nyama yake ni salama hata ikiwa mbichi. Hapa kitenzi kisichotaja mtenda kilikuwa na kazi, nacho kilistahili kubaki.

Tulipoipeleka karatasi upande wa Hanang, mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe aliirudisha bila kuimaliza. “Hii si yetu, mwalimu. Sisi nguruwe hatumli.” Nilirudi kuitazama sentensi yangu ya kwanza: “Ugonjwa huu huletwa na nyama ya nguruwe.” Kwa mwenye tegu, ni kweli. Kwa mwenye kifafa kinachotokana na vifuko, sivyo: yeye alimeza mayai yaliyotoka kwa mtu, na huenda maisha yake yote hajaonja nyama hiyo. Magonjwa mawili nilikuwa nimeyafunga ndani ya “ugonjwa huu” mmoja. Niliigawa aya, tegu upande wake na vifuko upande wake, na kila upande nikaupa mtenda wake.

Nilirudi Haydom na toleo la tatu. Afisa mifugo alilisoma kwa sauti chini ya mti, na yule mama alikuwapo, mjukuu wake akiwa amekaa karibu naye akila yai la kuchemsha. Aliinua mkono. “Sasa nimeelewa kwamba yanatoka kwa mtu. Basi hapa kwetu tegu yuko kwa nani?” Watu walitazamana, na mimi nikang'amua kwa nini wakati mwingine wanadamu huichagua kauli isiyotaja mtenda. Afisa alijibu kwamba mwenyewe mara nyingi hajijui, na kwamba hujulikana kwa kupima choo. Mama akauliza hupimwa wapi. Karatasi yangu haikuwa na sentensi hiyo. Tuliiandika pale pale kwa kalamu, pembezoni, katika nakala zote arobaini.