Pale Vichwa Vilalapo

Ustadhi wangu alipofariki mwaka uliopita, nami nikiwa nimekwisha kufunga karakana na kuwaachia wengine bisibisi na mita zangu, nilimsikia kijana mmoja matangani akiwahadithia wenziwe kwamba marehemu alikuwa bingwa wa kufufua hadi diski kwa kuzitikisa mkononi. Na kwa kuwa pale hapakuwa mahali pa mabishano, nilinyamaza. Sasa najibu, maana marehemu hakutikisa diski hata moja katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake, na neno lile likiachwa lienee litaangamiza kumbukumbu za watu wengi wasio na hatia.

Nilizaliwa Kuze, Mombasa, nikasoma chuoni na skuli kama watoto wa mtaa wetu, na kidato cha nne kilipokwisha bila ya njia ya kuendelea, mjomba wangu alinipeleka katika ofisi ya wakala wa meli, ambako palikuwa na kompyuta chache katika chumba chenye baridi na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuzifungua. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa ustadhi wangu. Alikuwa mpole wa maneno na mkali wa mikono: hakutaka kitu chochote kiguswe kabla mwenye kukigusa hajasema kwa sauti anatarajia kuona nini.

Diski za siku zile, za inchi 5.25 na megabaiti 20, zilikuwa na desturi ambayo kila hoja yangu hapa yaitegemea: umeme ukatikapo, vichwa vya kusomea hutua juu ya sahani yenyewe, na vikiegeshwa vizuri hutua katika duara la ndani karibu na mhimili, mahali pasipoandikwa data. Sahani ikizunguka, upepo wake huvinyanyua vichwa. Ikisimama, vichwa hulala juu yake. Uso wa kichwa umesuguliwa hata ukawa laini mno, na uso wa sahani kadhalika, na juu yake pamepakwa utando mwembamba wa mafuta. Basi diski ikikaa miaka bila ya kuwashwa, hususan katika hewa yetu ya pwani, unyevu huingia kwa kitundu cha kupumulia, ukajikusanya baina ya nyuso mbili hizo, na vichwa vikagandamana na sahani kama vioo viwili vilivyorowa. Mota ya diski haina nguvu nyingi wakati wa kuanza. Ikishindwa kuibandua sahani, utasikia mlio hafifu, wakati mwingine mfano wa kinubi kilichokwama, kisha kimya. Na ukiligusa kasha kwa ncha ya kidole hutahisi ule mtetemo laini wa sahani inayokwenda.

Hapo ndipo marehemu alipokuwa akitumia mbinu yake. Aliilaza diski kwenye viganja viwili, kifuniko kikitazama juu, akaizungusha ghafula robo ya duara kwa upande wa akrabu za saa, kisha akaisimamisha polepole. Ghafula mwanzoni, polepole mwishoni: siri yote imo katika tofauti hiyo. Sahani, ukiitazama kwa upande wa kifuniko, huzunguka kinyume cha akrabu za saa. Ukilizungusha kasha kwa ghafula upande wa akrabu, sahani kwa uzito wake husalia nyuma, na ikawa kana kwamba imesogea, kwa mnasaba wa vichwa, upande ule ule iliyoumbwa kwenda. Ukilisimamisha kasha kwa kishindo, sahani nayo huendelea mbele na kuvisukuma vichwa kinyume, na vibanzi vyembamba vinavyovishika huweza kupinda. Mtikisiko wa juu na chini hauna maana yoyote, kwani hauizungushi sahani. Huvigongesha vichwa tu.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya IBM ilianza kuuza diski za namna nyingine, kwanza katika kompyuta za mkononi, ambazo vichwa vyake havilali tena juu ya sahani, bali hupandishwa kwenye kipande cha plastiki kilichoko ukingoni, nje ya sahani kabisa. Diski nyingi za mezani ziliendelea na desturi ya kale hadi katikati ya miaka ya 2000, ndipo nazo zikafuata. Taathira yake kwa fundi ni kubwa. Katika diski ya namna hii, vichwa vikikutwa vimeganda juu ya sahani, maana yake ni kwamba havikuweza kurudi mahali pake, ama kwa kuanguka diski, ama kwa hitilafu nyingine, navyo vimeganda juu ya data yenyewe, si katika duara tupu lililotengenezwa kwa kutuliwa. Ukiizungusha hiyo, waving'oa vichwa na kuikwaruza sahani. Dawa yake ni kuifungua katika chumba kisicho na vumbi na kuvirudisha vichwa kwa chombo maalumu, na asiye na chumba hicho aiache.

Palikuwa na fundi mwenzetu, ambaye simtaji kwa kuwa watoto wake wasoma, aliyeiona mbinu ya marehemu kwa mbali akaichukua bila ya sababu yake. Akaizungusha kila diski iliyokataa, mpya na kuukuu, na ilipokataa zaidi aliitia ndani ya friji usiku kucha, akaitoa ikiwa imejaa umande, akaichomeka. Aliwahi kuwafanyia hivyo wenye diski ya kompyuta ya mkononi iliyobeba picha zote za harusi ya binti yao, na baada yake hapana aliyeweza kusoma chochote humo. Marehemu alimwambia mbele yangu, "Bwana, wewe umeiba mkono wangu ukaacha macho yangu." Yule akadai kwamba tofauti ile ni ya vitabuni. Mimi nasema ni ya vyumani, na kila mwenye diski mbovu iliyofunguliwa kifuniko aweza kuitazama.

Nieleze kazi moja kwa ukamilifu, nisije nikadhaniwa napiga siasa tu. Bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale alinijia na diski ya nje, ya jigabaiti 80, iliyokuwa ya marehemu mumewe, ambaye alikusanya humo mazoezi ya taarab na maulidi ya mtaa wao. Ilikuwa imekaa kabatini tangu mwaka 2006. "Mwanangu," akaniambia, "usinidanganye, kama haipo, niambie haipo." Nikamwomba anipe muda, nami sikuiwasha siku ile. Niliitia ndani ya mkebe wenye kifuniko kizuri pamoja na vifuko vya silika, nikaiacha wiki nzima ikauke. Ukaushaji huo hauna uhakika wa kuvibandua vichwa, lakini huvipunguzia kishiko wala haudhuru.

Adapta yake ndiyo niliyoichunguza kwanza, maana katika vifaa vilivyolala, kapasita za adapta huzeeka kabla ya diski. Mita ilionyesha volti 12.1, na mtu mwenye haraka angeridhika. Nikaiunga na taa ya breki ya gari, ya wati 21, ambayo hula takriban ampea 1.75, karibu na kiasi ambacho diski ya inchi 3.5 hukitaka inapoanza kuzunguka. Volti zikaporomoka hadi 9. Adapta kama hiyo huifanya mota ianze na kukatika, ianze na kukatika, na vichwa hukwaruzwa kila mara. Nikaitupa, nikaitoa diski katika kasha lake, nikatumia pawa saplai niliyoijua.

Kisha bodi. Nikapima baina ya pini ya waya wa manjano, yaani volti 12, na pini nyeusi, halafu nyekundu ya volti 5 na nyeusi. Pangekuwa na shoti, ingekuwa dalili kwamba aliyetangulia alichomeka adapta isiyo yake na diodi za ulinzi zimejitoa muhanga. Hapakuwa na shoti. Nikafungua skrubu, nikaigeuza bodi, nikaona vijiguso vinavyopeleka umeme kwa vichwa vimekuwa vyeusi; nikavisugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli hata vikang'aa, nikapangusa vumbi lake, nikairudisha.

Hapa pana ikhtilafu ambayo bado naibishania. Wako wasemao kwamba uwashaji wa kwanza uwe wa kusikiliza tu, kisha uzime, ukajiandae. Mimi nafuata kauli ya ustadhi wangu: diski iliyokwama ikizunguka leo, hapana ajuaye kama itazunguka kesho, na ukiizima vichwa vitatua tena pale pale vilipoganda. Kwa hiyo andaa kila kitu kwanza: diski tupu ya kupokea nakala, feni ya kuipoza ile ya zamani, na kompyuta ya Linux iliyokatazwa kufungua diski yenyewe bila ya kuamriwa, maana mfumo unaofungua kila kinachochomekwa huanza kukiandikia na kukirekebisha. Ile diski niliiunga kwa kigeuzi cha kutoka IDE kwenda USB, lakini waya wa USB nikauacha mkononi hadi nitakapoisikia.

Nikawasha. Mlio hafifu, kimya. Nikazima papo hapo. Kwa namba ya muundo wake nilikuwa nimekwisha kuhakikisha kwamba ni ya desturi ya kale, vichwa juu ya sahani. Basi nikaizungusha kama nilivyofundishwa, nikaiweka juu ya kitambaa, nikawasha tena. Ikapanda sauti kwa utulivu, na baada yake vikasikika vichwa vikienda na kurudi mara chache kwa upole. Ingalisikika sahani tu bila ya vichwa kusogea, ningalidhani kizuizi cha raba kilichomo ndani kimeyeyuka kikaushika mkono wa vichwa, jambo linalojulikana katika diski za mwanzo wa miaka ya 1990, na mbinu ya kuzungusha haisaidii kitu hapo. Ingalisikika kugonga kwa mfululizo, ningalizima na kumwambia mama yule ukweli. Haikuwa hivi wala vile, nami nikachomeka USB na kuandika:

```
ddrescue -d -n /dev/sdb taarab.img taarab.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb taarab.img taarab.map
```

Amri ya kwanza huchukua kwanza yaliyo mepesi, ikiyaruka magumu bila ya kung'ang'ania. Ya pili huyarudia yaliyosalia mara tatu, ikiongozwa na daftari la `taarab.map`. Anayeanza kwa kufungua mafaili moja moja na kuyasikiliza huimaliza diski kwa udadisi wake. Zilisalia chini ya kilobaiti 100 zisizosomeka, nazo zilikuwa mahali pasipo na faili. Diski ilipozimwa haikuwaka tena, na Bi mkubwa alichukua nakala mbili, moja kwake na moja kwa mwanawe wa Malindi.

Nawe mwenye diski kabatini, nakusihi usiichomeke kwa adapta yake ya zamani ili uone tu kama yafanya kazi. Mpelekee fundi, na kabla hajaigusa muulize vichwa vya diski hiyo hulala wapi. Akishindwa kukujibu, ichukue diski yako uende kwa mwingine.