Siku ya Kuhama Utaondoka na Nini?

Wiki iliyopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha miaka sita iliyopita, ambaye sasa ni katibu wa asasi ndogo inayohifadhi kumbukumbu za migogoro ya ardhi vijijini. "Shikamoo Mwalimu," alinisalimu, kisha akaniwekea mezani karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilihusu huduma ya kujenga tovuti kwa kuburuta: unachagua kiolezo, unavuta picha kwa kipanya na kuiachia unapotaka ikae, na kabla ya usiku kuingia tovuti iko hewani. Safu ya pili ilihusu WordPress, programu huria ambayo mtu huisimika mwenyewe katika seva aliyoikodi. Chini ya kila safu alikuwa ameandika gharama za mwaka, na tofauti yake haikuwa kubwa. Akaniuliza achague ipi.

Nilimwambia kwamba karatasi yake ilikosa safu moja: siku ya kuhama, utaondoka na nini? Mimi mwenyewe sikujiuliza swali hilo nilipojenga tovuti yangu ya kwanza, na jibu lake nililipata kwa machungu.

Nilianza na huduma ya kuburuta. Tovuti niliijenga kwa Jumamosi moja, nami sikujuta, kwani ilikuwa nadhifu na haikunidai ufundi wowote. Kwa muda wa miaka minne niliweka humo makala 64, yakiwemo mahojiano na wazee waliofanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA. Baadhi ya mahojiano hayo niliyahariri humohumo ndani ya kivinjari, nikaamini yamehifadhiwa. Jina la tovuti nalo nililipata hukohuko, maana kampuni ilinipa bure kwa mwaka wa kwanza.

Kisha kadi yangu ya benki ikafikia ukomo nilipokuwa kijijini kwenye msiba. Barua za kunikumbusha zilikwenda katika baruapepe nisiyoifungua tena. Niliporejea mjini, tovuti ilikuwa imezimwa na jina lake limekwisha muda. Kwa bahati, jina la .com halichukuliwi na mwingine siku ileile linapoisha; hupita kipindi ambacho mwenyewe anaweza kulirejesha, ingawa kadiri anavyochelewa ndivyo gharama inavyopanda. Nililipa, nikalirejesha, na siku hiyohiyo nikaamua kuhama.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilichokuwa nacho ni funguo za nyumba ya kupanga. Huduma niliyoitumia haikuwa na njia ya kupakua makala yote kwa pamoja. Sababu yake ni ya kiufundi na ya kibiashara pia. Katika ujenzi wa kuburuta, ukurasa mara nyingi hauhifadhiwi kama maandishi yanayojitegemea. Huhifadhiwa kama visanduku vyenye maelekezo ya mahali pa kukaa, na maelekezo hayo husomwa na mtambo wa kampuni ile pekee. Nilinakili makala moja baada ya jingine kwa muda wa usiku 11. Wazee wawili niliowahoji walikuwa wamekwisha kufariki. Maneno yao yangepotea, nisingekuwa na pa kuyapata tena.

Nikahamia WordPress. Programu hii ilianza mwaka 2003, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kuibadili. Ubora wake kwa mtu wa kumbukumbu ni kwamba unaweza kuonyesha kwa kidole mali yako ilipo. Maneno yote yamo katika hifadhidata. Picha na faili ulizopakia zimo katika folda iitwayo `wp-content/uploads`. Ukiwa na nakala ya hivyo viwili, pamoja na mandhari na programu-jalizi ulizotumia, unaweza kuisimamisha tovuti ileile katika seva ya kampuni nyingine. Na kwa kuwa jina lilikuwa langu, niliweza kuzielekeza anwani za zamani zilizonukuliwa katika tasnifu za wanafunzi zifike kwenye makala yaleyale mapya. Laiti ningekuwa natumia anwani iliyobeba jina la kampuni, viungo hivyo vyote vingekufa.

Lakini kiwanja chako mwenyewe hakina mlinzi wa bure. Miezi minane baadaye, mwenzangu wa idara nyingine alinipigia simu akicheka: "Dokta, siku hizi unauza dawa?" Nilifungua tovuti yangu, nikaiona iko salama kabisa. Yeye alikuwa ameingia kupitia Google. Wavamizi walikuwa wameingilia programu-jalizi ya fomu ambayo sikuisasisha kwa miezi kadhaa, wakaweka kurasa zao kwa namna ambayo mwenye tovuti akiingia moja kwa moja hazioni. Niliandika katika kisanduku cha kutafutia neno `site:` likifuatiwa na jina la tovuti yangu, nikaona mamia ya kurasa nisizozijua. Katika orodha ya watumiaji kulikuwa na msimamizi nisiyemfahamu, na ndani ya folda ya picha kulikuwa na faili zenye mwisho wa `.php`, ambazo kwa kawaida hazina kazi mahali pa picha.

Nakala rudufu nilikuwa nazo, ila zilikaa katika sevahiyohiyo, nazo zilikuwa zimechafuliwa. Kilichoniokoa ni nakala ya miezi miwili nyuma niliyoiweka katika flashi, nikaisahau mtobwe wa droo ya meza. Tangu siku hiyo kila Ijumaa hutenga nusu saa: nachukua nakala, naihifadhi nje ya seva, ndipo nasasisha programu. Kila baada ya miezi mitatu huijaribu nakala kwa kuisimamisha mahali pengine, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yule kijana haukuwa wa kuisifu huduma moja na kuilaani nyingine. Ikiwa asasi inahitaji kurasa tano za kujitambulisha, zenye anwani ya ofisi na namba ya simu, basi ajenge kwa kuburuta. Hata akihama, ataziandika upya kwa siku moja. Ikiwa atapandisha ripoti za vijiji mwezi hadi mwezi kwa miaka kumi, WordPress inamfaa zaidi, mradi awepo mtu anayejulikana kwa jina mwenye zamu ile ya nusu saa. Akikosekana mtu huyo, ipo njia ya kati: kampuni zinazokukodisha WordPress na kuisasisha kwa niaba yako, huku maandishi yako yakibaki katika umbo linalohamishika.

Kwa vyovyote vile, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la asasi na kwa baruapepe ya ofisi, si ya fundi wala ya katibu anayeweza kuondoka kesho. Na kabla ya kulipa, atengeneze kurasa tatu za majaribio, kisha aombe kuzipakua. Katika WordPress ataingia `Tools`, kisha `Export`, na atapata faili moja yenye maneno yote. Picha hazimo katika faili hiyo, zimo anwani zake tu. Ndiyo maana ile folda nayo lazima inakiliwe.

Aliikunja karatasi yake, akaniuliza swali moja la mwisho: "Mwalimu, na ofisini kwetu nani ataishika hiyo Ijumaa?" Nikamwambia aliamue hilo kwanza, ndipo arudi kwenye bei.