Mshahara wa Mwezi si Pesa ya Siku

Binti wa dada yangu anaishi Makanyagio, hapa mjini Mpanda, pamoja na mumewe na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Zamani alikaanga vitumbua. Pesa ya vitumbua humfunza mwenyewe kubana matumizi, kwani ikiisha leo, kesho alfajiri hukaanga tena. Mwezi Novemba alipata kazi ya usafi katika ghala la mpunga, kwa mshahara wa shilingi 250,000. Baada ya kukatwa mchango wa asilimia 10 wa NSSF, alipokea 225,000. Hajawahi kushika fedha nyingi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Kufika tarehe 17 hakuwa na kitu, na dukani alidaiwa 36,000. Akanijia na kusema: "Mama mkubwa, fedha zimekwenda wapi, nami sijanunua hata khanga?" Jirani alikwisha kumshauri akope 50,000 ili arudishe 65,000 baada ya mwezi, ile mikopo ambayo watu huiita kausha damu. Nikamwambia: "Mwanangu, hizo 15,000 ni riba. Afadhali umwombe mwenye duka subira."

Tulikaa na mumewe, maana hesabu ya nyumba isiyomhusisha mume huvunjika mapema. Kwa sheria yetu, chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume, na mshahara wa mke ni mali yake. Akitoa nyumbani, anafanya ihsani. Mume huyu ni fundi ujenzi, na mvua zikianza Katavi kazi yake hupungua. Wakakubaliana kwamba yeye abaki na kodi na unga, naye mke kwa hiari yake abebe mengine.

Mshahara wa pili ulipoingia, aliugawa siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda sokoni. Hakuigawa mboga kwa wiki nne, kwa sababu mwezi una siku 30, na zile siku mbili za mwisho ndizo huzaa deni. Alipiga 3,500 mara 30, akapata 105,000. Jirani anayemlea mtoto alitengewa 30,000, maji, umeme na sabuni 22,000, na mama yake mzazi 20,000. Dukani alilipa 18,000, nusu ya deni. Akabakiza 20,000 za akiba na 10,000 za dharura, kila moja katika bahasha yake. Ya mboga aliigawa tena katika vifurushi vya siku tano tano, kila kimoja 17,500. Kifurushi kikiisha siku ya nne, siku ya tano huliwa maharage yaliyomo ndani, wala bahasha nyingine haiguswi. Hiyo ndiyo alama aliyoitazama: siyo mwezi umeishaje, bali kifurushi kimeisha siku gani.

Mwezi Machi mtoto alipata malaria. Kipimo, dawa na nauli vilimgharimu 27,000. Bahasha ya dharura ilikuwa na 30,000 za miezi mitatu, hivyo hakukopa. Deni la duka lilikuwa limekwisha tangu Januari, na zile 18,000 hakuzirudisha kwenye matumizi, bali alizihamishia kwenye akiba. Mwishoni mwa Mei akiba ilifika 192,000.

Juni mahindi mapya yalipojaa sokoni na bei ikashuka, alinunua magunia mawili kwa 120,000. Usafiri na mifuko miwili isiyopitisha hewa vilikula 16,000 nyingine. Kabla ya kuyahifadhi alitia punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yataota ukungu, hurudishwa juani. Yake yalihitaji siku mbili zaidi.

Kwa kuwa unga ni wajibu wa mume, zile 120,000 alimkopesha mumewe bila ziada yoyote, wakaandikiana katika daftari. Kila wiki mume alimkabidhi 8,000, fedha ambazo angenunulia unga. Baada ya wiki 15 deni lilikwisha, na karibu nusu ya mahindi ilikuwa bado ndani.

Mpango huu una kikomo chake. Mshahara haukuongezeka hata shilingi, na mtoto atakapoanza shule, bahasha mpya itabidi itoke katika hizi hizi. Lakini zile 120,000 zimerudi mkononi mwake, na msimu ujao wa mavuno utamkuta na fedha za kununulia.