Kabla Uinue Glasi, Fungua Daftari

Wasee, nimehudhuria sherehe kadhaa za biashara za mtaa, zile za "leo tumefikisha miaka kadhaa", na nina neno. Ukifika ule wakati wa kuinua glasi, mwenye biashara anasimama, anasema "asanteni wateja wetu wote kwa sapoti", watu wanapiga makofi, soda inanyweka, basi. Hakuna mtu hapo ndani ameskia ameshukuriwa. Ukishukuru kila mtu kwa mpigo mmoja, kila mtu anadhani unaongelea jirani yake.

Mwaka wa 2025 ilikuwa zamu ya dadangu. Anaoka keki huko Umoja. Alianza 2020, kile kipindi cha korona na kafyu, baada ya hoteli alikokuwa akifanya kazi kufunga jikoni. Vile mimi ndio huongea na kamera kwa hii familia, niliambiwa niinue glasi kwa niaba yake, niwashukuru wateja wa kwanza waliomwamini. Swali langu lilikuwa moja tu: ni akina nani hao?

Akanitajia majina matano chapchap. Nikamwambia tusiharakishe, tuangalie kwanza. Si ati anadanganya. Ni vile kichwa hukumbuka watu wenye sauti: yule aliyeposti picha, yule binamu aliyekuwa akiitisha bei ya familia. Mtu aliyenunua kimyakimya akaenda zake hupotea.

Kwa hivyo tukatoa vitu viwili. Cha kwanza, simu yake ya zamani yenye kioo kimepasuka, ambayo bado ilikuwa na meseji za M-Pesa za 2020. Cha pili, daftari la oda. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu meseji zinakuonyesha tu waliolipa kwa simu. Waliolipa keshi wako kwa daftari peke yake. Kila jina tuliliuliza maswali matatu. Alinunua ndani ya miezi mitatu ya kwanza? Alirudi? Na alilipa lini, kabla ya keki ama baada?

Tulipata watu 19. Waliorudi kabla mwaka uishe walikuwa 7. Kati ya wale watano dadangu aliowataja, wawili tu ndio walikuwa kwa hiyo orodha.

Lakini swali la tatu ndilo lilinifungua macho. Keki ya kilo moja aliiuza 1,800. Unga, sukari, mayai, siagi, aisingi na boksi, vyote vilimgharimu kama 900, na hizo 900 hakuwa nazo. Aliyelipa baada ya kupokea keki alikuwa mteja mzuri, hakuna noma. Aliyelipa mbele alikuwa mteja na pia mkopeshaji, tena bila riba. Na kumbuka hapo hakukuwa na duka wala picha za kazi za kuonyesha mtu. Ungemtumia pesa, aingie mitini, ungemfuata wapi?

Kulikuwa na nesi mmoja wa ploti ya pili. Meseji zake zilikuwa tatu: 500, kisha 500, kisha 800 siku ya keki. Mwaka huo kutuma hadi 1,000 kwa M-Pesa hakukuwa na makato kuanzia Machi hadi Desemba, kwa hivyo kulipa vipandevipande hakukumuumiza. Hizo 500 mbili za kwanza ndizo zilinunua unga na mayai. Tukihesabu, keki nne za kwanza kabisa ziliokwa kwa pesa za watu waliolipa mbele namna hiyo. Mtaji wa dadangu ulikuwa sifuri.

Wa pili alikuwa baba mmoja aliyeagiza keki ya bathdei ya mtoto. Gesi iliisha katikati ya kuoka, na dadangu hakuwa na mtungi wa pili. Keki ikiwa bado laini katikati na oveni ipoe, haina kitu cha kuishikilia, inaanguka. Ilibaki na shimo kama sahani. Dadangu alimpigia simu akamweleza ukweli, akamwambia atamrudishia pesa. Yule baba akaja, akaiangalia, akasema, "Jaza hapo matunda, mtoto ana miaka mitatu, hajui keki inafaa kukaa aje." Halafu akaongeza kitu muhimu zaidi: "Lakini mama, nunua mtungi wa pili kabla uchukue oda ingine." Hakumwanika mtandaoni. Aliongea naye uso kwa uso, na mwezi uliofuata akaagiza tena.

Wa tatu hakuwa kwa simu kabisa. Ni soja wa geti. Kila jioni akiingia zamu, alinunua zile kwinkeki mbili za bob 20, keshi. Daftari limejaa "soja 40, soja 40". Inaonekana ni kitu kidogo, lakini siku 26 za mwezi ni 1,040, karibu nusu ya pesa ya kujaza mtungi wa kilo 13 wakati huo. Oda za keki kubwa zilikuja zikikatika, wiki moja tatu, wiki ingine hakuna. Ile 40 haikukatika. Na dadangu hakuwa amemtaja.

Alikuwa amehamia geti lingine. Tulimtafuta kupitia masoja wenzake, akaja siku yake ya ofu.

Kabla ya sherehe tuliuliza kila mmoja kama tunaweza kusema. Hii usiruke. Stori ya pesa ya mtu ni yake, na kuna mtu hataki ijulikane alilipa kwa vipande. Nesi alikubali. Yule baba akasema tuseme keki, jina tuache.

Hii ndiyo niliyosema, nikishika glasi ya fanta:

"Dada wa ploti ya pili, ulituma 500 ukatuma tena 500 kabla hujaona hata kijiko. Huo ndio ulikuwa mtaji. Mzee wa keki yenye shimo, ulikubali keki mbaya na ukatuambia ukweli. Hiyo mitungi miwili iliyo jikoni ni yako. Na wewe kaka yetu wa geti, hukuwahi kuagiza keki kubwa, lakini 40 yako kila jioni ndiyo iliwasha moto. Hatukuwapa chochote cha kuamini, na mkaamini. Tuinue glasi kwa hao watatu, na wale kumi na sita wengine waliokuja miezi mitatu ya kwanza."

Haikufika dakika mbili. Soja aliangalia chini, halafu akauliza kwa sauti kama kwinkeki bado ni bob 20. Watu walivunjika mbavu. Sasa ni 50.

Maoni yangu ni haya. Usitaje watu arobaini, taja watatu na kitendo cha kila mmoja. Usitangaze ofa katikati ya shukrani, kwa sababu hapo hapo mgeni anageuka kuwa mnunuzi tena. Na usimweke mbele mheshimiwa aliyefika leo na bahasha, ukimwacha nyuma aliyekupa 500 wakati hukuwa na jina.

Kama biashara yako ina mwezi mmoja tu, andika sasa: nani, lini, ngapi, kabla ama baada. Meseji hufutika na simu huibwa. Daftari ni bob 50, bei ya kwinkeki moja.