Nguo ya saba



Wiki iliyopita alikuja dukani bibi harusi mmoja, harusi yake baada ya mwezi. Alikuwa ameshalipia sare za mashoga zake saba, vipimo tumeshachukua, kitambaa tumeshakata. Akatwambia, "Ile ya saba muiache. Huyo simtaki tena." Hatukumuuliza kafanyiwa nini. Tulikikunja kile kitambaa tukakiweka juu ya kabati, na usiku ule sisi wawili, kila mmoja kwake, tukawa tunamuwaza mtu mmoja. Asubuhi tulipofungua duka tukajikuta tunamzungumza yeye tu. Ndiyo maana tumekaa tuandike.

Tunasema "sisi" kwa sababu tulikuwa wawili katika jambo hili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na hatutaki mmoja wetu ajitoe akamwachia mwenzake lawama.

Mwaka 2007 tulikuwa kidato cha tatu, na tulisomea mbali na kwetu. Baba mkubwa alikuwa na duka Tabora mjini, akatuchukua kutoka Unguja akatutafutia skuli ya bweni wilayani Sikonge, kusini ya Tabora kwa njia ya vumbi. Bweni ndiyo dakhalia kwa lugha yetu. Sikonge ni nchi ya misitu ya miombo, tumbaku na asali. Sisi tuliozoea kuona bahari, mwezi wa kwanza tulilia kila usiku.

Aliyetunyamazisha ni mwenzetu mmoja, Mnyamwezi wa huko huko Sikonge. Jina lake hatulitaji. Baba yake alilima tumbaku na kurina asali, tena kwa mizinga ya magome ya miti inayotundikwa juu kabisa. Kila alipotoka likizo alikuja na dumu la lita tano la asali na mfuko wa michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa juani. Vyote alitugawia kama vyetu.

Aliyekaa bweni anajua kwamba urafiki wa kule haupimwi kwa maneno. Unapimwa kwa sabuni. Mche mmoja wa sabuni ya kufulia unatakiwa umalize mwezi, na marafiki wa kweli hununua mmoja wakaukata. Sisi tulikata kwa uzi. Mmoja anaushika mche, wa pili anauzungusha uzi na kuvuta, wa tatu anachagua kipande cha kwanza ili mkataji asijipendelee. Yeye ndiye aliyekuwa mkataji, na siku zote vipande vilikuwa sawa. (Mpaka leo, tukiona fundi anayekata kitambaa kwa mkono usiotetemeka, tunamkumbuka.)

Muhula wa pili ulifunguliwa Julai. Tulirudi na kitu kilichokatazwa, simu ndogo ya mkononi, ambayo baba mkubwa alitupa tuongee na mama zetu Unguja. Matranka yetu yalikuwa na kufuli za ovyo, la mwenzetu lilikuwa na kufuli la maana. Tukamwomba atuwekee. Alisita. Alisema, "Wakiikuta kwangu?" Tukamwambia, "Wakiikuta tutasema ni yetu." Hayo ndiyo maneno tuliyoyasema, wala hatuwezi kuyapunguza.

Upekuzi ulikuja Jumamosi moja ya Agosti, baada ya chai. Matroni na mwalimu wa nidhamu waliingia bila kugonga, kila mtu akasimama mbele ya tranka lake. Simu ilikutwa chini ya mfuko wa michembe. Matroni akaiinua juu, akauliza, "Ya nani hii?"

Mwenzetu akatutazama. Hakututazama kwa kutuomba. Alitutazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga viatu waondoke. Sisi tukatazama sakafu. Kila mmoja wetu alikuwa anangoja mwingine aanze, hilo tulikuja kuambiana baadaye. Pale pale kila mmoja alijua pia kwamba tukitajwa, baba mkubwa ataturudisha Unguja, na skuli ndiyo basi.

Matroni akauliza mara ya pili. Mwenzetu akasema, "Imekutwa kwangu."

Hakusema ni yake, wala hakusema ni yetu.

Akapewa wiki mbili nyumbani, na akirudi arudi na mzazi. Mzazi akaja, ametoka kijijini kwa baiskeli. Agosti ni mwezi wa vitalu vya tumbaku. Miche ikiwa michanga hunyweshwa maji asubuhi na jioni, ukikosa siku mbili tatu katika jua lile unaweza kuipoteza, na mwaka wako wote uko pale. Mzee yule aliviacha vitalu vyake akaja kusimama kofia mkononi mbele ya ofisi, anaelezwa kwamba binti yake ni mkaidi na mwongo. Tulimwona kupitia dirisha la darasa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anasema "samahani mwalimu, samahani mwalimu." Huyu ndiye aliyetujazia dumu la asali kila likizo.

Jioni ile mwenzetu alihamisha godoro lake mpaka kitanda cha mwisho, karibu na mlango, panapopigwa na baridi ya alfajiri. Hakutugombeza. Alitukusanyia vitu vyetu vyote, ndoo, kijiko, kanga moja aliyoiazima Julai, akavipanga juu ya kitanda chetu. Juu kabisa aliweka kipande cha sabuni. Mwezi ule ulikuwa umebaki mche mmoja wa shirika, akaukata sehemu tatu sawasawa, akachukua yake, akatuletea mbili.

Kipande kile hatukukifulia. Kiliganda pale kikapasuka.

Katikati ya Septemba ukaingia Ramadhani. Wasichana wa Kiislamu tulipewa darasa moja la kuswalia, na pale pale tulifuturu kwa uji, matobolwa na mihogo. Tulikaa mkeka mmoja na mwenzetu, yeye upande ule, sisi upande huu. Salamu alitujibu, kwa sababu salamu ni haki, lakini ilikuwa salamu ya kumpa mtu wa njiani.

Na sisi tuliswali sana mwezi ule. Tarawehe hatukukosa, usiku tulilia, tukaomba Mwenyezi Mungu atusamehe. Tukawa tunahisi tumeshafanya la kufanya, basi tu mwenzetu ana moyo mgumu. Ndipo siku moja baada ya Alasiri dada mmoja wa kidato cha nne alitoa darsa fupi ya toba. Alisema yale tuliyoyasoma chuoni tangu wadogo: uliache dhambi, ulijutie, uazimie kutolirudia. Halafu akaongeza la nne, ambalo wanazuoni wameliweka kwa dhambi iliyogusa haki ya mtu, kwamba haki ile umrudishie mwenyewe. Kama ni mali, mali. Kama ni heshima yake uliichafua, basi huna budi uisafishe na umtake radhi.

Tulitoka pale hatusemezani. Tulipofika kwenye tangi la maji mmoja wetu akasema, "Matroni bado anaamini simu ni yake."

Tulikwenda siku ile ile kabla ya magharibi, tukiogopa kwamba tukilala tutabadili nia. Matroni alitusikiliza mpaka mwisho, asitusaidie hata neno. Tukapewa wiki mbili zetu, na baba mkubwa akaitwa kutoka Tabora. Hakutufukuza. Alisema sentensi moja tu garini, kwamba mzee wa watu amesimama ofisini kwa ajili ya watoto wake yeye, na yeye hakujua. Tulikula Idi kwake, Oktoba, na pilau ile haikupita kooni.

Tuliporudi, matroni alikuwa ameshasema mstarini kwamba mwenzetu hakuwa na kosa la simu. Tukadhani sasa yamekwisha. Tukamfuata bombani, tukamwomba msamaha, tukalia. Akaendelea kujaza ndoo. Kisha akasema, "La simu nimeshalisamehe zamani. Baba je? Yeye hakuwapo mstarini."

Akajitwisha ndoo. Alipopiga hatua mbili akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti tuliona ule utani wake usoni. "Babu zangu walibeba mizigo ya watu wa pwani mpaka Bagamoyo. Lakini wao walilipwa."

Ni kweli, walilipwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokea ujira wao kwa vitambaa, merikani na kaniki. Sisi mafundi tunaojua thamani ya dhiraa moja ya kitambaa, neno lile linatuchoma zaidi leo kuliko siku ile.

Tukamwandikia mzee barua. Tuliichana mara tatu, kwa sababu kila tulipoiandika ilijaa maelezo ya kwa nini tulinyamaza. Iliyokwenda ilikuwa na mistari sita. Simu ilikuwa yetu. Binti yako alituficha. Tulimwacha peke yake. Uliomba samahani isiyokuwa yako. Tunaomba wewe utusamehe. Chini, majina yetu yote mawili. Tukampa mwenzetu bila kuifunga, aisome. Akaisoma, akaikunja, akaitia katika daftari lake, na baada ya siku chache ikapata mtu wa kuipeleka kijijini.

Novemba ikapita bila jibu. Mvua zikaanza, vumbi la Sikonge likalala. Mwenzetu hakurudisha godoro lake. Mezani alianza kutusogelea kidogo, mara akaazima rula, mara akatuuliza swali la hesabu ambalo tulijua analiweza.

Wiki ya mwisho ya muhula, Desemba, mzee alikuja mwenyewe na baiskeli kumchukua binti yake. Tulimwamkia tukitazama chini. Akatuitikia, akatuuliza wazazi hawajambo. Barua hakuitaja. Alifungua kamba nyuma ya baiskeli akateremsha dumu la lita tano, asali mpya, bado nyuki wawili watatu wamenata kwenye kifuniko. "La njiani," akasema, "Tabora ni mbali."

Siku ile tulikuwa tunafua nguo za kwenda nazo nyumbani na sabuni ilitwishia. Mwenzetu akaja na mche mpya, ambao kwa hakika alikuwa hauhitaji, kwani yeye alikuwa ameshafungasha. Akatoa uzi mfukoni. Mmoja wetu akaushika mche, yeye akazungusha uzi, akavuta.

"Chagueni," akasema.