Kupeleka tasnifu siyo kumaliza chuo

Binamu,

Umeuliza: kama tasnifu nimeshaipeleka, mbona sherehe bado? Sikiliza.

Tasnifu ni hoja moja inayotetewa kwa ushahidi. Siyo kila ninachokijua. Nilitaka kuandika "magazeti na siasa". Msimamizi wangu akauliza: magazeti gani, mwaka gani, unapima nini? Tukabaki na kurasa za mbele za magazeti mawili wakati wa uchaguzi wa 2020: nani alinukuliwa, mara ngapi.

Msimamizi ndiye mwalimu anayekubana hivyo sura hadi sura. Hakuandikii, na si yeye peke yake anayeamua ufaulu.

Sasa kazi iko kwa watahini, mmoja wao wa nje ya chuo. Baada yao ni vaiva: unakaa mbele ya jopo, unaitetea kwa mdomo. Nategemea swali hili: magazeti mawili yanasemea magazeti yote? Hapana, na mpaka huo nimeuandika humo humo.

Wengi hufaulu kwa masharti ya kufanya masahihisho. Kwa hiyo ukisikia nimerudishiwa kazi nirekebishe, usimwambie shangazi kuwa nimefeli. Masahihisho yakikaguliwa na kukubaliwa, ndipo joho.

Kakako.